Barua ya Viroba Viwili Vilivyolowa

Barua ya mwokaji wa nyumbani kwa msambazaji wa unga hukubaliwa au hukataliwa kwa jambo moja: kama inaonyesha unyevu uliingia wapi. Jibu la kwanza la msambazaji huwa lilelile, kwamba unga uliharibikia nyumbani kwa mteja.

Si kila bonge ni kosa. Unga uliolaliwa na viroba vingine hushikamana, lakini ukiminywa kwa vidole viwili husambaratika na kurudi kuwa vumbi. Bonge la maji ni gumu, hubaki juu ya chekeche, na mara nyingi hunuka uvundo. Kuuanika unga huo juani ni kujidanganya: maji yatakauka, lakini sumu iliyoachwa na ukungu haiondoki.

Tuchukue mwokaji wa maandazi na keki jijini Dar es Salaam, aliyeletewa viroba vinne vya kilo 25 wakati wa masika. Viwili vina doa la maji lililoanzia kwenye kitako na kupanda kiasi cha kiganja, huku juu vikiwa vikavu. Mvua ya njiani aghalabu hulowesha juu na ubavuni. Doa la kitako huashiria sakafu ya saruji isiyo na chaga, au maji yaliyotuama ndani ya gari. Kwa hiyo mwokaji apige picha kabla ya kufungua, doa na namba ya bechi vikionekana pamoja, kisha aandike siku hiyohiyo:

«YAH: VIROBA VIWILI VYA UNGA VILIVYOFIKA VIMELOWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Leo asubuhi nimepokea viroba vinne vya unga wa ngano kwa ankara iliyoambatishwa. Viwili vimelowa kitakoni na vina mabonge magumu yenye harufu ya uvundo. Sijavitumia, nimeviweka kando, juu ya mbao. Naomba viroba viwili vya bechi nyingine kabla ya Ijumaa, kwa gharama yenu ya usafiri, na dereva avichukue hivi vibovu. Picha zimeambatishwa.»

Haina matusi wala hadithi ya wateja waliokosa keki. Sentensi yenye uzito zaidi ni «Sijavitumia». Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214 nchini Tanzania na Sura ya 31 nchini Kenya, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua mzigo na kuukataa ndani ya muda unaofaa. Akikaa nao kimya, au akiutumia kama mali yake, huhesabiwa kuwa ameukubali.

Kuomba bechi nyingine nako kuna sababu: unga uliolala kwenye sakafu ileile huenda nao umeanza kunyonya maji. Viroba vipya vikifika, vipinduliwe na kukaguliwa kitakoni dereva akiwa bado mlangoni, kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo.