Vituo 6, Kipeo 2: Kusoma Ushirikiano wa Kimeng'enya Kwenye Grafu ya S

Bakteria wa E. coli wana kimeng'enya kiitwacho aspartati transkabamoilesi, ambacho huunganisha aspartati na kabamoili fosfati ili kuanzisha safari ya kutengeneza pirimidini, yaani baadhi ya herufi za DNA na RNA. Kimejengwa kwa minyororo 12 ya protini. Minyororo 6 ndiyo yenye kazi ya kuunganisha, nayo imekaa katika makundi 2 ya mitatu mitatu. Mingine 6 ni ya udhibiti, nayo imekaa katika jozi 3. Kwa hiyo kila molekuli ina vituo 6 vya kazi. Hata hivyo, mtu akipima kasi yake na kuipitisha kwenye mlinganyo wa Hill, kipeo anachopata kwa kawaida huwa karibu na 2. Wanafunzi wengi huona hapo kuna kasoro, ama kwenye kipimo ama kwenye kitabu. Kasoro haipo, kipeo hicho hakikuwahi kuhesabu vituo.

Tuanze na grafu yenyewe. Kimeng'enya ambacho vituo vyake havijuani hutoa mstari unaopanda kwa haraka tangu mwanzo, kisha unalala taratibu kadiri vituo vinavyojaa. Aspartati transkabamoilesi haifanyi hivyo. Aspartati ikiwa kidogo, kasi hupanda kwa uzito. Ikifika kiwango fulani, kasi inaruka. Kisha inatulia juu. Mstari unachora umbo la S. Mwaka 1962 John Gerhart na Arthur Pardee walieleza tabia hii, wakaonyesha pia kwamba CTP, ambayo ni zao la mwisho la njia hiyo ya kemia, husukuma mstari kulia na kupunguza kasi, ilhali ATP huuvuta kushoto.

Sababu ya umbo la S ni kwamba molekuli nzima ina hali mbili. Katika hali ya kwanza, iliyokazwa, vituo hushika aspartati kwa udhaifu. Katika hali ya pili, iliyolegea, hushika kwa nguvu. Fikiria milango 6 iliyofungwa kwa komeo moja: wa kwanza kuingia ndiye anayehangaika, lakini komeo likishatoka, waliobaki wanapita bila taabu. Picha za miale ya eksirei kutoka maabara ya William Lipscomb zilionyesha kwamba makundi mawili ya vipande vya kazi huachana kwa zaidi kidogo ya nanomita 1 molekuli inapolegea. Wazo hili la molekuli kubadilika yote kwa pamoja lilitolewa na Monod, Wyman na Changeux mwaka 1965.

Ushahidi mzuri wa komeo hilo ni kizuizi kiitwacho PALA, kilichotengenezwa kifanane na malighafi zote mbili zikiwa zimeungana. Kwa kuwa kinaziba vituo, mtu angetarajia kipunguze kasi tu. Lakini aspartati ikiwa chache, PALA kidogo sana huongeza kasi: inakalia kituo kimoja au viwili, inalegeza molekuli nzima, na vituo vilivyobaki wazi vinafanya kazi kwa bidii kuliko mwanzo. Ukiongeza PALA zaidi, vituo vinazibwa vyote na kasi inashuka.

Sasa mlinganyo. Archibald Hill aliuandika mwaka 1910 kwa ajili ya hemoglobini na oksijeni. Kwa kimeng'enya tunauandika hivi:

```
v = V * S^n / (K^n + S^n)
```

Hapa v ni kasi uliyopima, S ni ukolezi wa aspartati, V ni kasi ya juu kabisa, na K ni ukolezi unaoleta nusu ya V. Kipeo n ndicho tunachokitafuta. Mlinganyo huu unachukulia kwamba molekuli ama iko tupu kabisa ama imejaa kabisa, bila hatua za kati. Dhana hiyo ingekuwa kweli, n ingekuwa sawa na idadi ya vituo, yaani 6. Lakini molekuli zenye aspartati 1, 2 au 3 zipo, na hali iliyokazwa nayo hushika kidogo. Kila hatua ya kati inapunguza ukali wa mpando. Ndiyo maana n huitwa kipeo cha dhahiri: kinapima ukali, na idadi ya vituo ni dari ambayo kipeo cha ushikaji hakiwezi kuivuka. Hemoglobini yenyewe ina vituo 4, na kipeo chake ni takriban 2.8.

Ukali huo una maana ya vitendo. Kutoka kwenye mlinganyo, uwiano kati ya ukolezi unaoleta asilimia 90 ya kasi na ule unaoleta asilimia 10 ni 81 kwa kipeo cha 1/n. Kama n ni 1, aspartati inabidi iongezeke mara 81 ili kimeng'enya kitoke asilimia 10 hadi 90. Kama n ni 2, mara 9 zinatosha.

Kukipata kipeo ndiko kwenye mitego. Njia ya zamani ni kuupindua mlinganyo ili utoe mstari mnyoofu: unachora logi ya v/(V−v) dhidi ya logi ya S, na mteremko ndio n. Tatizo ni kwamba lazima uijue V kabla ya kuchora. Tutengeneze data kwa mlinganyo wenyewe ili jibu tulijue mapema: V ni 100, K ni milimola 10, na n ni 2. Kasi itakuwa 20 kwenye milimola 5, itakuwa 50 kwenye milimola 10, na 80 kwenye milimola 20.

Chukulia mpimaji ameishia milimola 20, akatazama grafu, akakadiria kwamba V ni 85. Kati ya milimola 10 na 20, logi ya v/(V−v) inatoka 0.155 hadi 1.204, na mteremko unakuwa karibu 3.5. Mwenzake akikadiria 120 kwa data zile zile, mteremko katika sehemu hiyo unakuwa karibu 1.5. Mmoja atatangaza ushirikiano mkali, mwingine ushirikiano hafifu, na kimeng'enya ni kile kile chenye kipeo cha 2. Dalili ya kosa hili inaonekana kwenye mchoro: V ikikadiriwa chini, nukta za juu hupinda kuelekea mbinguni, ikikadiriwa juu, hulala.

Upinduaji huo pia hukuza makosa ya kipimo kwenye ncha. Kasi ya 50 ikiyumba kwa 2 tu, logi inayumba kwa takriban 0.035. Kasi ya 94 ikiyumba kwa 2 hiyo hiyo, logi inaweza kuruka kwa karibu 0.19, ilhali mstari unahesabu nukta hizo mbili kuwa na uzito sawa. Kwa hiyo leo tunaacha data kama zilivyo na kuiambia kompyuta itafute V, K na n kwa pamoja. Katika gnuplot inatosha kuandika hivi:

```
f(x) = V*x**n/(K**n + x**n)
V = 90; K = 8; n = 1.5
fit f(x) 'data.txt' via V,K,n
```

Namba za mstari wa pili ni makisio ya kuanzia, yanayosomwa kwa jicho kwenye grafu. Programu itarudisha n pamoja na kosa lake, lakini haiwezi kubuni data ambazo hazikupimwa. Nukta zikiishia katikati ya mpando, V kubwa yenye n ndogo itafaa karibu sawa na V ndogo yenye n kubwa. Utaligundua hilo kwa kosa pana la n, na kwa uhusiano mkubwa kati ya V na n kwenye jedwali la matokeo. Dawa yake iko maabara. Kwa mfano wetu, asilimia 10 hadi 90 ya kasi iko kati ya milimola 3.3 na 30, kwa hiyo nukta nyingi zinapaswa kukaa humo, na chache zivuke hapo hadi mstari uanze kutulia.

Kuvuka huko nako kuna mpaka. Aspartati ikizidi sana hukizuia kimeng'enya hiki, na mstari uliokuwa umetulia huanza kushuka. Ukiziingiza nukta zinazoshuka kwenye mlinganyo wa kawaida, V itavutwa chini, na n itapanda bila haki. Ama unaongeza kipengele cha uzuizi kwenye mlinganyo, ama unaacha nukta hizo na kusema wazi umeziacha.

Mambo mengine mawili huharibu kipeo kabla kompyuta haijawashwa. La kwanza ni kabamoili fosfati, ambayo huvunjika yenyewe ndani ya maji. Inafaa itengenezwe siku hiyo hiyo, ikae kwenye barafu, na iwe ya kutosha katika kila bomba, la sivyo unapima upungufu wake huku ukidhani unapima aspartati. La pili ni kimeng'enya kilichoachana. Mwaka 1965 Gerhart na Howard Schachman walitumia kemikali yenye zebaki kutenganisha vipande vya kazi na vya udhibiti. Vipande vya kazi viliendelea kufanya kazi, lakini grafu yao haikuwa tena ya S, na CTP haikuvigusa. Hata sampuli ambayo sehemu yake ndogo tu imeachana hivyo itaonyesha kasi ya ziada kwenye aspartati chache, na n itashuka. Jaribio la kuiumbua ni rahisi: ongeza CTP, uone kama kasi ile ya mwanzo inagoma kushuka.

Baada ya yote, chora tofauti kati ya kila kipimo na mstari uliopatikana. Mlinganyo wa Hill unadai kwamba kwenye ukolezi mdogo sana kasi hukua kwa S kwa kipeo cha n. Kemia halisi haifanyi hivyo: molekuli ya kwanza ya aspartati hushika peke yake, kwa hiyo mwanzo wa grafu hukaribia mstari mnyoofu. Nukta za chini zikikaa mfululizo juu ya mstari, huenda sampuli haina ubaya wowote. Mlinganyo ndio umefika mwisho wa uwezo wake.

Kuna tahadhari ya mwisho kuhusu maana ya n. Glukokinesi ya ini ni mnyororo mmoja wenye kituo kimoja cha glukosi, lakini grafu ya kasi yake ina kipeo cha karibu 1.7. Hapo hakuna jirani wa kushirikiana naye. Kimeng'enya hubadilika umbo polepole kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na kinakumbuka umbo lililotangulia. Kipeo kinachotokana na kasi, basi, hakithibitishi peke yake kwamba vituo vinasaidiana katika kushika. Ukitaka kujua idadi ya vituo, pima ushikaji wenyewe bila mmenyuko, au tazama muundo wa protini. Na ukiandika n, iambatanishe na kosa lake, pH, joto, kiasi cha kabamoili fosfati, ukolezi wa juu kabisa wa aspartati uliofikia, na kama palikuwa na CTP au ATP, kwa sababu hata kidogo tu ya hizo inatosha kuibadilisha namba hiyo.