Fahamu: Barua ya kuomba muda wa kodi mshahara unapochelewa

Hazina Kuu ya Kenya inapochelewa kutuma mgao kwa kaunti, wauguzi na makarani hukaa wiki kadhaa bila mshahara. Kodi ya nyumba haingoji.

Mpangaji mwenye busara huandika kabla ya tarehe ya kulipa. Tuseme karani wa kaunti anadaiwa shilingi 15,000 kila tarehe 5. Tarehe 2 anamwandikia mwenye nyumba: “Mama, shikamoo. Mshahara wa mwezi uliopita haujaingia. Leo nimekutumia 5,000 kwa M-Pesa. Salio la 10,000 nitalilipa tarehe 20. Naomba unijibu kwa maandishi kama umekubali.” Juu anaweka tarehe na namba ya nyumba, na anaambatisha nakala ya tangazo la mwajiri kuhusu ucheleweshaji.

Uzito wa barua hiyo uko kwenye 5,000 na ile tarehe 20. “Nikipata nitalipa” haimsaidii mwenye nyumba, ambaye huenda naye ana mkopo wa benki. Tarehe nayo iwe na nafasi: anayetarajia pesa tarehe 16 aandike 20, kwa kuwa ahadi hiyo ikivunjika, barua ya pili haisomwi.

Barua pekee haisimamishi deni. Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kutumia dalali mwenye leseni kukamata mali kwa kodi iliyochelewa. Ndiyo maana jibu la kukubali, hata la ujumbe wa simu, lisifutwe hadi salio lilipwe na risiti itolewe.