Je, Wajua Taarifa ya Robo Mwaka Huhesabu Nini?

Miongoni mwa karatasi zimfikiazo mkurugenzi wa kampuni, ipo moja ambayo kwa wajihi hufanana na hisabu za mauzo, lakini kwa tabia ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni taarifa ya robo mwaka juu ya mambo ya jamii, ielezayo kampuni imewafaa nini majirani zake katika miezi mitatu iliyopita, imetumia kiasi gani, na ielekeze wapi nguvu zake katika miezi mitatu ijayo. Hisabu za mauzo huhesabu bidhaa zilizokwisha kuuzwa, ilhali taarifa hii huhesabu mabadiliko katika maisha ya watu. Na maisha ya watu hubadilika kwa sababu nyingi ambazo kampuni haina mkono ndani yake. Kazi kubwa ya taarifa hii, basi, ni kupambanua lile lililoletwa na kampuni na lile ambalo lingalikuja lenyewe.

Tuchukue mfano, ambao nimeubuni ili hesabu zake ziwe nyepesi, wa kampuni ya mkonge mkoani Tanga iliyochimba visima kumi katika vijiji vinavyopakana na mashamba yake, kila kisima kikatiwa pampu ya mkono ya aina ya Afridev, ambayo iliundwa kwa makusudi ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadilisha mipira yake ya ndani. Kabla ya visima, katika miezi ya Januari hadi Machi, jua la kaskazi likiwaka, mwanamke wa kijiji alitumia dakika 70 kwenda kuteka maji, kungoja zamu na kurudi. Visima vilipokamilika, katika robo ya Aprili hadi Juni, safari ile ile ikachukua dakika 30. Mwandishi wa taarifa, kwa furaha ambayo twaweza kuifahamu, akaandika kwamba kampuni imemwokolea kila mchotaji dakika 40.

Hesabu hiyo si sahihi, na kosa lake ndilo kosa la kawaida kupita yote katika taarifa za namna hii. Aprili ni mwezi wa masika. Mvua kubwa inaponyesha, madimbwi na visima vifupi vya zamani hujaa, watu hukinga maji ya mapaa, na safari ya maji hufupika hata katika kijiji ambacho hakuna kampuni iliyokanyaga. Mwandishi angalikwenda katika vijiji jirani visivyochimbiwa kitu, angalikuta kwamba huko nako safari imeshuka kutoka dakika 70 hadi 45. Dakika 25, kwa hiyo, ni tunu ya masika, na sehemu ya kampuni ni zile 15 zilizobaki. Kama hakuna kijiji cha kulinganisha, iko njia ya pili, nayo ni kulinganisha robo hii na robo ile ile ya mwaka uliotangulia, masika kwa masika na kiangazi kwa kiangazi. Njia hii ni dhaifu kidogo, kwa kuwa masika ya mwaka mmoja huweza kuwa haba na ya mwaka mwingine tele, lakini ni bora mara nyingi kuliko kulinganisha mvua na ukame.

Fauka ya hayo, hitilafu hii huuma pande zote mbili. Mwezi wa Mei watu wengi huiacha pampu kwa sababu maji ya mvua yako mlangoni, na taarifa inayohesabu ndoo zilizochotwa itaonyesha kwamba mradi unadidimia, ilhali pampu ni nzima na itazingirwa na foleni mara mvua zitakapokatika. Na hizo dakika zenyewe hazifai kuulizwa kwa mdomo peke yake, maana aghalabu aulizwaye hukadiria. Inafaa mtu afuatane na mchotaji akiwa na saa, katika nyumba zile zile kila robo, na asubuhi wakati foleni ni ndefu.

Sasa tuje kwenye gharama. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, wasiokaa zaidi ya mita 400 kutoka kituoni, kila mmoja apate lita 25 kwa siku. Kwa kipimo hicho visima kumi ni watu 2,500. Tuseme kila kisima kiligharimu shilingi milioni 20, jumla milioni 200, na kwamba kinatazamiwa kudumu miaka 20. Si haki kuitwika robo moja gharama yote ya kuchimba, wala si haki kuisahau kwa kuwa ililipwa zamani. Fungu la robo moja ni milioni mbili na nusu. Ongeza milioni moja na nusu za fundi, vipuri na usafiri, inakuwa milioni nne, na ukigawa kwa watu 2,500 unapata shilingi 1,600 kwa mtu.

Lakini mtu hanywi kisima kilichoandikwa kitabuni. Siku ya ukaguzi pampu nane zilitoa maji na mbili hazikutoa. Waliohudumiwa, basi, ni watu 2,000, na gharama ya kweli ni shilingi 2,000 kwa kila mmoja. Hata hesabu hii ni ya siku moja tu, na pampu inayofanya kazi leo huenda ililala wiki tano kabla ya mkaguzi kufika, ndiyo maana daftari la kamati ya maji lenye tarehe ya kuharibika na tarehe ya kutengenezwa ni ushahidi mzito kuliko picha kumi za uzinduzi. Mkaguzi makini hugundua hata ugonjwa ambao haujatangaza kifo: huiacha pampu ipumzike, kisha huhesabu mara ngapi mpini unashuka kabla ya maji kutokeza. Zikizidi sana, maji yanavuja kurudi chini, na mipira au vali imekwisha.

Mambo mengine robo moja haiwezi kuyabeba. Kuhara kwa watoto hupanda na kushuka kwa majira, na mahudhurio ya shule hufuata likizo na mavuno, hivyo mwandishi anayedai katika miezi mitatu kwamba kisima kimepunguza maradhi anadai asichoweza kukithibitisha. Mambo hayo yangoje taarifa ya mwaka au ya miaka miwili.

Mwisho ni vipaumbele, na hapa wengi huandika orodha ndefu ya matumaini ambayo mkurugenzi hawezi kuitolea uamuzi. Katika mfano wetu zimebaki shilingi milioni 20, na wapo wanaotaka kisima cha kumi na moja, ambacho kitahudumia watu 250 na kufunguliwa kwa hafla. Ukaguzi umeonyesha kwamba pampu moja kati ya zile mbovu imemaliza mipira tu, jambo la fedha kidogo. Ya pili, iliyo karibu na pwani, fimbo yake ya chuma imekatika kwa kutu ya maji ya chumvi. Ikirudishiwa fimbo ya aina ile ile itakatika tena, kwa hiyo inunuliwe ya chuma kisichoshika kutu, ijapokuwa ni ghali zaidi. Kazi zote mbili zitawarudishia maji watu 500, na fedha itakayosalia itatosha kuweka akiba ya vipuri katika kila kijiji kabla ya kiangazi. Kisima cha kumi na moja kingoje.