Wastani wa Kupanga, Asilimia ya Kugawa

Siku ya kuvunja mzunguko, fedha zimemwagwa mezani na kisanduku kiko wazi, kila mtu ameshika kijitabu chake. Hapo ndipo mweka hazina huulizwa swali ambalo hawezi kulijibu kwa kusema "nimepiga hesabu." Ataulizwa: umegawanya nini kwa nini?

Vikundi vingi vya hisa hufuata utaratibu ulioanzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE: watu hununua hisa kila wanapokutana, hukopeshana, na mzunguko ukiisha hugawana. Mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo ana hesabu mbili za kuzijua vizuri. Wastani humsaidia kupanga, na asilimia humsaidia kugawa. Anayezichanganya humnyang'anya mtu fedha bila kukusudia.

Tuchukue mfano wa kikundi kidogo cha watu watano wa pwani, hisa moja Sh 5,000, mzunguko wa Januari hadi Desemba. Mama ntilie aliweka Sh 20,000 kila mwezi, fundi cherehani Sh 30,000, muuza mkaa Sh 15,000. Muuza samaki aliweka Sh 40,000 kila mwezi, isipokuwa Juni, Julai na Agosti, kusi ilipochafua bahari na akakosa mzigo. Kijana wa bodaboda alijiunga Julai, akaweka Sh 10,000 kila mwezi mpaka mwisho.

Katika daftari, kila mwanachama ana mstari wake na kila mwezi una safu yake. Ukijumlisha mstari kwa mstari, unapata mama ntilie Sh 240,000, fundi Sh 360,000, muuza samaki Sh 360,000, muuza mkaa Sh 180,000 na kijana wa bodaboda Sh 60,000. Jumla ni Sh 1,200,000. Kabla hujaendelea, jumlisha tena kwa safu, mwezi kwa mwezi. Jumla mbili zisipolingana, kuna mchango uliosahaulika au ulioandikwa mara mbili, na hesabu yoyote utakayoifanya juu yake itakuwa na kosa hilohilo.

Sasa wastani. Gawanya jumla ya mwanachama kwa idadi ya miezi aliyokuwa mwanachama, pamoja na ile ambayo hakuweka kitu. Muuza samaki alikuwemo miezi 12, kwa hiyo 360,000 ÷ 12 ni Sh 30,000. Ukigawanya kwa miezi tisa aliyoweka, utapata Sh 40,000, kana kwamba kusi haikuvuma. Kijana wa bodaboda alikuwemo miezi sita tu, kwa hiyo wastani wake ni Sh 10,000.

Ndiyo maana mwezi ambao mwanachama hakuweka kitu huandikwa sifuri, na mwezi ambao mtu hajajiunga huachwa wazi. Anayetumia Excel aliangalie hili kwa makini zaidi. Mstari wa muuza samaki ukiwa kwenye visanduku B4 mpaka M4, utaandika hivi:

```
=AVERAGE(B4:M4)
```

Fomula hii huhesabu sifuri, lakini huruka kisanduku kilicho wazi. Ukiacha miezi mitatu ya muuza samaki bila sifuri, itakupa 40,000, na hakuna onyo litakalotokea.

Wastani wa kikundi chote ni 1,200,000 ÷ 12, yaani Sh 100,000 kwa mwezi. Namba hiyo inafaa kupangia mwaka ujao, lakini usiahidi mkopo kwa kuitegemea. Pitia safu za daftari: Januari mpaka Mei ziliingia Sh 105,000 kila mwezi, Juni Sh 65,000, Julai na Agosti Sh 75,000, kuanzia Septemba Sh 115,000. Hakuna hata mwezi mmoja ulioingiza Sh 100,000 kamili. Aliyeahidiwa kukopeshwa laki moja kutoka michango ya Juni angekuta imepungua Sh 35,000. Kwa hiyo kando ya wastani andika pia mwezi ulioingiza kidogo kuliko yote, na uujue ni mwezi gani.

Tukija kwenye asilimia, hapa hatuulizi miezi. Tunachukua jumla ya mwanachama, tunaigawanya kwa jumla ya kikundi, tunazidisha kwa mia. Kwa fundi, kwenye kikokotoo cha simu utabonyeza 360000 ÷ 1200000 × 100, upate asilimia 30. Muuza samaki naye ana 30, mama ntilie 20, muuza mkaa 15, kijana wa bodaboda 5. Zijumlishe zote, lazima zifike 100.

Kosa linaloumiza ni kutafuta asilimia kutoka kwenye wastani. Wastani wa hawa watano ni 20,000, 30,000, 30,000, 15,000 na 10,000, jumla 105,000. Mtu akigawanya 10,000 ya kijana wa bodaboda kwa 105,000, atapata asilimia 9.5, karibu mara mbili ya haki yake. Kosa halionekani kwa macho, kwa sababu asilimia hizo nazo hufika 100. Lakini tuseme riba na faini zimeleta Sh 240,000, na mfuko umekuwa Sh 1,440,000. Kijana angepewa kama Sh 137,000 badala ya Sh 72,000, na fundi, ambaye hakukosa hata mwezi, angepoteza zaidi ya Sh 20,000.

Asilimia nayo ina mpaka wake: hukatwa inapoandikwa. Watu watatu wenye michango sawa kila mmoja ana 33 na kitu. Ukiandika 33 na kugawa Sh 1,440,000 kwa hiyo, Sh 14,400 zitabaki mezani bila mwenyewe. Kwa hiyo asilimia ibandikwe ukutani ili kila mtu aone nafasi yake, ila fedha zigawiwe kwa thamani ya hisa. Michango ya Sh 1,200,000 ni hisa 240. Gawanya mfuko wa Sh 1,440,000 kwa 240, na kila hisa inakuwa Sh 6,000. Fundi ana hisa 72, anapata Sh 432,000. Kila mtu anaweza kuhesabu mihuri kwenye kijitabu chake na kuhakikisha mwenyewe.

Mfuko huo ni pamoja na mikopo ambayo haijarudi. Ikiwa muuza mkaa bado anadaiwa Sh 100,000, kisandukuni mtakuta Sh 1,340,000. Mkigawa hizo tu, hisa itashuka hadi kama Sh 5,583, na deni la mmoja litakuwa limelipwa na wote. Rudisha deni kwenye hesabu, kisha likate kwenye fungu lake: hisa zake 36 ni Sh 216,000, atoe 100,000, aondoke na Sh 116,000. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, usiguswe katika hesabu hii.

Limebaki jambo moja ambalo kikokotoo hakiwezi kuamua. Hisa iliyonunuliwa Januari imekopeshwa mwaka mzima, na ya Desemba haijazaa kitu, lakini zote zinalipwa Sh 6,000. Wanaoona hilo si haki waandike kwenye katiba, kabla ya mzunguko kuanza, lini mtu anaweza kujiunga na lini ununuzi wa hisa unafungwa. Mweka hazina akianza kulitafutia dawa siku ya kugawana, fedha zikiwa tayari mezani, amechelewa.