Mahindi Yako Yakienda kwa Kuku Wako, Yaandike Bei Gani?

Leo naongea na wale ambao mmeshatoka kwenye kilimo cha daftari moja: una shamba, una banda, na kila kimoja kina msimamizi wake na hesabu zake.

Kuna kijana kwenye kata yangu ana mahindi na kuku wa mayai, kampuni moja. Alinionyesha vitabu vyake akaniuliza, "Bwana shamba, kuku ndio wananilipa, mahindi hayana kitu. Nisilime tena niongeze banda?" Nimezizungusha namba zake kidogo ili hesabu iwe nyepesi, ila sura ni ileile.

Shamba limetoa gunia 100, kila gunia limegharimu 45,000 mpaka kuingia stoo. Yote yameliwa na kuku. Banda nalo, baada ya kuuza mayai na kulipia vifaranga, chanjo, mashudu, dagaa na vibarua, limebakiwa na 7,400,000 kabla ya kulipia mahindi.

Yeye aliyaandika mahindi kwa gharama ya kuyazalisha, 45,000. Banda likalipa 4,500,000 na kubaki na faida ya 2,900,000. Shamba likapata sifuri. Ni lazima lipate sifuri, maana "limeuza" kwa kile kile lilichotumia. Hata lingevuna vizuri namna gani, kitabu kingesema halina faida.

Sasa weka bei ya soko, tuseme 70,000. Shamba linapata faida ya 2,500,000, na banda linabaki na 400,000 tu. Jumla ya kampuni bado ni 2,900,000. Hakuna hata yai moja lililoongezeka. Kilichobadilika ni bei ya ndani, yaani ile bei ambayo kitengo kimoja kinakiandikia kingine.

Je, angeacha kulima kama alivyotaka? Kununua nje ni 70,000 pamoja na usafiri na kupakua 6,000, jumla 76,000. Gunia 100 ni 7,600,000, wakati banda lina 7,400,000. Kuku wale wale "wanaolipa" wangemtia hasara ya 200,000.

Bei ya ndani basi iwe ngapi? Mimi natafuta mipaka miwili. Wa chini ni kile ambacho shamba lingepata mkononi kama lingeuza nje: 70,000 toa dalali na kupakia, tuseme 4,000, inabaki 66,000. Wa juu ni kile ambacho banda lingelipa likinunua nje, 76,000. Bei yoyote hapo katikati, hakuna kitengo kinachomnyonya mwenzake.

Ila msiigandishe mwaka mzima. Tuseme msimu wa mavuno soko limeshuka hadi 56,000, na bei ya ndani bado ni 70,000. Msimamizi wa banda analipwa bonasi kwa faida ya banda, kwa hiyo atanunua nje kwa 62,000 akijua ameokoa 8,000 kila gunia. Ripoti yake itapendeza kweli. Lakini mahindi yaliyoachwa stoo, shamba likiyauza, litapata 52,000 tu mkononi. Kampuni imetoa 62,000 ili ibaki na kitu cha 52,000, yaani imepoteza 10,000 kwa gunia. Kwa gunia 100 ni milioni moja, na hutaiona kwenye ripoti ya banda. Na zile 45,000 za kuzalisha hazihusiki tena hapo, zimeshatumika. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi: stoo imejaa mahindi yako, na huku gari la mahindi ya watu linashusha bandani. Dawa yake ni kurekebisha bei ya ndani kila mwezi kufuata soko. Kwa siku ile ilitakiwa iwe kati ya 52,000 na 62,000.

Kitu kingine ambacho karibu kila mtu anakisahau ni mbolea. Viroba 80 vya samadi ya kuku vimeenda shambani bure. Kama mtaani kiroba ni 3,000, banda linadai 240,000. Faida yake inapanda kutoka 400,000 hadi 640,000, na ya shamba inashuka hadi 2,260,000. Jumla? 2,900,000 ile ile. Ukijumlisha vitengo ikatoka namba nyingine, kuna muamala wa ndani umeandikwa upande mmoja tu.

Haya yote ni kwa kampuni moja yenye vitengo. Kama shamba na banda umeyasajili kama kampuni mbili tofauti, bei hiyo inagusa kodi, na TRA wana kanuni zake za mwaka 2018 zinazotaka muuziane kama watu wasiojuana. Hapo mwone mhasibu kabla hujapanga bei.