Maneno ya wimbo wa kubembeleza mtoto mchanga

Dada yangu alipojifungua, aliniomba nimtungie wimbo wa kumlalisha mtoto. Alifikiri kwamba mtu anayesoma Kiswahili chuoni hawezi kushindwa na kazi hiyo. Nilimwandikia mstari huu, nami nikauona mzuri:

*Usingizi mwanana ukufunike, malaika wetu.*

Usiku wa pili alinirudishia karatasi. Alisema kila akiuimba huku akimbembea mtoto, mikono inasimama, na mikono ikisimama mtoto analia. Kosa halikuwa katika maana. Lilikuwa katika mkazo.

Kitenzi kubembeleza kina undugu na kubembea. Wimbo huu huimbwa na mwili mzima: mwimbaji anaegemea kushoto, kisha kulia, na kila mbembeo huchukua kama sekunde moja. Katika Kiswahili, mkazo wa neno huwa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo ndiyo inayotaka kuangukia mwanzo wa mbembeo. Tuhesabu basi mizani ya mstari wangu. Ni kumi na nane, na mikazo iko kwenye silabi ya 3 (usiNGIzi), ya 6 (mwaNAna), ya 11 (ukufuNIke), ya 15 (malaIka) na ya 17 (WEtu). Kati ya mkazo na mkazo kuna hatua tatu, kisha tano, kisha nne, kisha mbili. Hakuna mikono inayoweza kubembea hivyo. Pia mstari mzima hautoshi katika pumzi moja ya mama aliyechoka.

Nilianza upya kwa maneno mafupi. Kila mbembeo niliupa nafasi tatu, na kila mstari mibembeo minne:

*Lala mwanangu, lala mwanangu,*
*mama yu hapa, mama yu hapa,*
*nyumba yalala, njia yalala,*
*lala mwanangu, lala mwanangu.*

Mstari wa kwanza unagawanyika hivi: LA-la-mwa / NA-ngu… / LA-la-mwa / NA-ngu… Silabi «ngu» inavutwa ijaze nafasi mbili. Mistari mingine inafuata njia hiyohiyo: MA-ma-yu / HA-pa…, NYU-mba-ya / LA-la… Mstari unakwisha katika sekunde nne hivi, na pumzi inatosha.

Kwa nini sikuandika «lala mwana»? Kwa sababu kiambishi cha mwisho huhamisha mkazo. Mkazo wa mwana uko kwenye MWA, lakini wa mwanangu uko kwenye NA, nasi tunahitaji silabi moja nyepesi kabla ya mkazo huo. Anayependa anaweza kuimba «lala mtoto», au «lala mutoto» kama tunavyosema Lubumbashi. Mizani ni ileile, maana hata m ya mtoto ni silabi peke yake. Mimi nilichagua mwanangu kwa sababu m, n, l na w hupita bila kukata sauti, wakati t hugonga kidogo.

Jina la mtoto pia laweza kuingia. Jina la silabi tatu kama Bahati linakaa bila shida: LA-la-ba / HA-ti… Jina la silabi mbili linahitaji msaada wa «we»: LA-la-we / NE-za… Lakini jina linalotamkwa Kifaransa, lenye mkazo mwishoni, litavunja mbembeo. Afadhali kutumia jina la nyumbani.

Huenda msomaji akauliza: mbona maneno yanarudiwa hivyo? Mtoto mchanga haelewi neno njia. Anachokijua ni sauti ya mama na mwendo wake, ambavyo alikwisha kuvisikia tumboni, ambako konsonanti hufika zimefifia lakini kupanda na kushuka kwa sauti hufika. Neno jipya katika kila mstari linamlazimisha mama kukumbuka. Neno linalorudi linamwacha apumzike. Ndiyo maana nusu ya pili ya kila mstari inarudia ya kwanza, na mstari wa tatu pekee unabadilisha kidogo, ili mwimbaji mwenyewe asichoke. Mtoto akianza kulegea, maneno yanapunguzwa: kwanza «lala» peke yake, mwishowe mmm tu, huku mbembeo ukiendelea.

Jaribio la wimbo kama huu halifanyiki mezani. Simama, kumbatia mto, bembea, uimbe. Ukiona mwili unangoja neno, au neno linakimbizwa ili liwahi mwili, mstari huo una kosa. Hesabu mikazo yake. Wimbo una mpaka wake pia: mtoto mwenye njaa au homa hatulizwi na mizani. Dada yangu alikuwa amemnyonyesha kwanza. Kisha akaimba mistari minne, akairudia, na safari hii mikono yake haikusimama.