Kibuyu au mtungi? Tazama mdomo

Mpwa wangu alinitumia picha ya zamani, ya rangi nyeupe na nyeusi, akiwa ameipiga upya kwa simu. Bibi yake, yaani mama yangu, amesimama mlangoni mwa jiko. Karibu na miguu yake kuna chombo chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. "Mjomba, hiki ni kibuyu, sivyo?" Nyumbani kwao wote walikuwa wameshakubaliana kwamba ni kibuyu.

Nilimwambia asiangalie umbo kwanza, kwa sababu umbo ndilo linalodanganya. Wafinyanzi wengi huufinyanga mtungi ukawa na tumbo na shingo kama za kibuyu, na katika picha isiyo na rangi ngozi ya kibuyu kilichozeeka na udongo uliosuguliwa vizuri hung'aa karibu sawasawa. Aanzie mdomoni.

Kibuyu ni tunda la mmea unaotambaa, lililoachwa likakomaa na kukauka. Fundi hulitoboa au kulikata kwa kisu, kisha hutia maji ili nyama ya ndani ioze, na kukomba mbegu zake kwa kutikisa vijiwe. Kwa hiyo mdomo wake ni mkato tu: ukingo mwembamba, haukukunjwa nje, na mara nyingi hauko sawa pande zote. Mdomo wa mtungi ni mzito, umeviringwa kwa vidole na kugeuzwa nje, ili mkono upate pa kushika. Debe au ndoo ya bati huonyesha ukingo uliokunjwa, mshono wima ubavuni, na mwanga unaokatika ghafla badala ya kufifia taratibu.

Halafu atafute majeraha. Kibuyu hupasuka kwa mstari mrefu, na wenye nacho hukishona kwa uzi, kwa hiyo mishono ikionekana hakuna ubishi. Udongo hubanduka vipande, ukaacha kidonda chenye unene. Bati hubonyea. Udongo uliochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi pia huwa na mabaka meusi yasiyo na mpangilio, pale mwali au majivu yalipougusa. Masizi mazito chini ya tako ni jambo jingine: hicho ni chungu cha kupikia, na hakuna mtu wa jikoni anayekitia maji ya kunywa.

Tako lenyewe halisaidii sana. Kibuyu na mtungi wote wana tako la mviringo, na wote huwekwa juu ya pete ya majani, mchanga au mafiga. Lakini mchanga husema. Mtungi usiopakwa rangi ya mafuta huvuja jasho: maji hupenya vitundu vya udongo, hukauka juu ya ngozi yake, na yanapokauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu maji yake ni baridi. Pwani, wakati wa unyevu mwingi, ubaridi huo hupungua kwa kuwa jasho halikauki upesi. Chombo cha udongo kinachotunza maji huacha weusi wa unyevu chini yake.

Kibuyu hakina kazi hiyo. Sifa yake ni wepesi, ndiyo maana msafiri na mchungaji hukibeba, na Wakalenjin hugandishia maziwa yao ya mursik ndani yake baada ya kukifukiza kwa mkaa wa miti maalumu. Kibuyu kipya kikiwekwa maji ya kunywa bila kusafishwa huleta uchungu, hivyo huloweshwa na kumwagwa mara kadhaa. Debe, ambalo kwa kawaida huchukua lita 18 hivi, lilishinda vyote viwili kwa kuteka maji kisimani, maana likidondoka linabonyea tu.

Sasa rudi kwenye picha. Mdomo wa chombo ulikuwa umegeuka nje, na upande wa kulia ulikuwa na kidonda kinene. Begani palikuwa na baka jeusi. Mchanga uliokuwa chini yake ulikuwa mweusi kuliko wa kando. Hakukuwa na mshono wowote. Ni mtungi.

Picha haionyeshi yote. Kama mdomo umekatwa na fremu, au mtu ameufunika kwa kawa, usitoe hukumu. Omba picha ya pili ya ndani: kibuyu kina nyuzi zilizokauka, mtungi una alama za vidole, bati lina kutu. Chombo kikiwa bado kipo nyumbani, kinyanyue tu.

Mpwa wangu alisikitika kidogo, maana alitaka kibuyu. Nikamwambia avute picha atazame ukutani, nyuma ya bega la bibi yake. Kuna kata inaning'inia kwenye msumari, ina mpini uliopinda na ukingo mwembamba. Hiyo ndiyo imetoka kwenye kibuyu.